"Nusu na nusu haziko zima?"

Swali lenyewe ni fupi, na limezunguka katika madaftari ya wanafunzi wa Lubumbashi miaka mingi likibadilishwa namba tu. Una miligramu 80 za iodini-131. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kubadilika kuwa kitu kingine, ni siku 8. Baada ya siku 16 itabaki kiasi gani?

Jibu ni miligramu 20. Kijana mmoja ninayemfundisha jioni kule Kenya (wasomaji wa mbali wasishangae, Kenya ni komini ya mji wetu) aliandika 0 na kuipigia mstari mara mbili, kama mtu aliyemaliza kazi. Nikamuuliza amefikaje hapo, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekuwa nahitaji msaada.

"Prof, kwa siku munane ya kwanza nusu inaenda. Kwa siku munane ya pili nusu ingine inaenda. Nusu na nusu haziko zima?"

Ziko zima, wala kujumlisha kwake hakuna kasoro. Miligramu 40 zimetoka, 40 nyingine zimetoka, 80 zimeisha. Shida iko mahali pamoja tu: ile nusu ya pili aliikata kutoka kwenye zima gani? Yeye aliikata kutoka kwenye zile 80 za mwanzo. Lakini siku ya 8 ilipofika, 80 hazikuwepo tena. Zilikuwepo 40, na nusu ya 40 ni 20.

Walimu wengi huishia hapo. Humwambia mwanafunzi, "chukua nusu ya nusu," naye huandika 20, hupewa alama zake, na wote wawili huenda nyumbani. Mimi sitosheki na hilo, kwa sababu mwanafunzi anaweza kujifunza kugawa kwa mbili mara mbili huku picha iliyo kichwani mwake ikibaki ileile. Hiyo picha ndiyo ninayotaka kuiona, na kuna swali dogo linaloitoa nje upesi kuliko lile la siku 16. Nilimuuliza: baada ya siku 4 itabaki kiasi gani?

Alijibu bila hata kushika kalamu: 60. Siku 8 zinaondoa 40, kwa hiyo siku 4 zinaondoa 20.

Basi ugonjwa ukajulikana. Picha yake ni ya mshumaa. Mshumaa wa saa nane ukiuwasha saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku umefika nusu, na saa nane usiku umekwisha. Moto hula kiasi kilekile cha nta kila saa, iwe mshumaa ni mrefu au ni kipande cha kidole. Ukitumia picha hiyo kwa iodini, siku ya 4 unapata 60, siku ya 8 unapata 40, siku ya 12 unapata 20, na siku ya 16 hakibaki kitu. Angalia kwamba picha hiyo inatoa jibu sahihi siku ya 8. Ndiyo maana inaishi muda mrefu: swali la kwanza ambalo kila mwalimu huuliza ni lile ambalo mshumaa nao hulijibu vizuri.

Nikaongeza swali moja: siku ya 24 je? Akaandika 80 kutoa 120, akapata −40, akakaa kimya. Alikuwa tayari kukubali kwamba kitu kinakwisha, lakini kudaiwa miligramu 40 za iodini na siku zilizopita hakukumwingia akilini. Hapo tukaanza upya.

Kinachotokea ndani ya ile iodini hakifanani na moto unaoshuka kwenye utambi. Hakuna moto mmoja. Kuna atomu nyingi mno, na kila moja iko peke yake na bahati yake. Kwa iodini-131 bahati hiyo ni rahisi kuikumbuka: katika siku moja, karibu atomu 1 kati ya kila 12 itabadilika. Ukitaka kuhakiki, chukua 11 gawanya kwa 12, uzidishe jibu kwa lenyewe mpaka zitimie siku nane, utapata 0.4985, ambayo ni nusu isiyopungua ila kidogo sana. Kwa hiyo "nusu-uhai wa siku 8" na "moja kati ya kumi na mbili kwa siku" ni habari ileile iliyosemwa kwa njia mbili, na ya pili ndiyo inayofundisha zaidi.

Tukaanza kuhesabu siku kwa siku. Siku ya kwanza una miligramu 80, na moja ya kumi na mbili yake, pungufu kidogo, ni kama 6.6, kwa hiyo zinabaki 73.4. Siku ya pili hukati 6.6 tena, unakata moja ya kumi na mbili ya 73.4, ambayo ni 6.1, zinabaki 67.3. Siku ya tatu zinabaki 61.7. Siku ya nne zinabaki 56.6, wala si 60. Ukiendelea hivyo, siku ya nane unafika 40. Sasa tazama siku ya tisa: moja ya kumi na mbili ya 40 ni 3.3 tu. Ndiyo nusu ya kile kilichotoka siku ya kwanza, kwa sababu zilizobaki kubahatisha ni nusu ya zile za mwanzo. Siku ya kumi na saba, ukianza na 20, zitatoka 1.7. Iodini haichoki wala haipunguzi mwendo kwa hiari yake. Atomu zinazoweza kubadilika ndizo zimepungua.

Kwa wenye kupenda fomula, yote hayo yamo hapa:

```
N = N0 × (1/2)^(t/T)
```

N0 ni kiasi cha mwanzo, T ni nusu-uhai, t ni muda uliopita. Siku ya 4, t/T ni nusu, na nusu ikipandishwa kwa kipeo cha nusu ni 0.707. Mwanafunzi anayeogopa kipeo cha nusu mwulize hivi: namba gani ukiizidisha kwa yenyewe, yaani mara ya siku 4 za kwanza na mara ya siku 4 zinazofuata, inakupa nusu? Haiwezi kuwa 0.75, kwa kuwa 0.75 mara 0.75 ni 0.5625, na siku ya 8 ingebaki miligramu 45. Kwa hiyo lile jibu la 60 linajipinga lenyewe. Anayesema siku ya 4 zinabaki robo tatu lazima aeleze kwa nini siku 4 za pili ziondoe fungu kubwa kuliko siku 4 za kwanza.

Lakini kwa nini kila atomu iwe na bahati ileile kila siku? Hapa ndipo wengi hupata tabu, na nadhani ni kwa sababu tumezoea vitu vinavyozeeka. Mzee wa miaka tisini yuko karibu na mwisho kuliko mtoto wa miaka tisa. Atomu ya iodini haina umri wa namna hiyo. Ile iliyotengenezwa kwenye kinu cha nyuklia leo asubuhi, na ile iliyodumu mwezi mzima bila kubadilika, zote mbili zina nafasi moja kati ya kumi na mbili ya kubadilika kufikia kesho. Iliyodumu haikujiwekea deni. Kijana wangu, bila kujua, alikuwa anadhani zile atomu zilizopona siku 8 za kwanza sasa "zimefikiwa na zamu yao". Hakuna zamu.

Vitabu hufundisha jambo hili kwa kurusha sarafu. Sijui ni nani aliyewaambia waandishi wake kwamba kila nchi ina sarafu mfukoni. Kwetu tunatumia noti tu, na kijana wa miaka kumi na saba anaweza kuwa hajawahi kulipa kitu kwa sarafu. Kwa hiyo tunatumia karatoni. Kata vipande vidogo vya mraba 64 kutoka kwenye boksi la biskuti, lile lenye maandishi upande mmoja na kijivu upande mwingine. Viweke kwenye beseni, tikisa, mwaga mezani. Vyote vilivyoanguka maandishi juu viondoe. Vilivyobaki virudishe kwenye beseni, tikisa tena.

Jioni hiyo mfululizo wetu ulikwenda hivi: 64, 35, 17, 8, 5, 2, 2, 1, 0. Baada ya kumwaga mara ya pili, mezani palikuwa bado na vipande 17, na kijana aliviangalia muda mrefu kidogo. Vile 35 vilivyopona mara ya kwanza havikuwa na alama yoyote ya kusema "sisi ndio nusu ya pili". Vilirudi kwenye beseni kama vipya.

Lakini mchezo huo una mambo mawili ambayo mwalimu mwaminifu hapaswi kuyafunika. La kwanza, namba hazikuwa 32, 16, 8, 4. Bahati haigawi sawasawa vitu vikiwa vichache. Vipande viwili vilimwagwa na vyote viwili vikapona. Kanuni ya nusu-uhai inasema juu ya umati. Kwa atomu moja haikuambii lolote zaidi ya nafasi yake. La pili, mchezo ulifika sifuri, na kijana hakuchelewa kulitaja: "Si uliona, prof, ziliisha!" Ana haki. Fomula peke yake haifiki sifuri kamwe, ila atomu hazigawanyiki nusunusu kama namba, kwa hiyo siku moja atomu ya mwisho hubadilika na iodini inakwisha kweli.

Ila siku hiyo iko wapi? Hili tulilikokotoa. Miligramu 1 ya iodini-131 ina atomu kama 4.6 × 10^18. Ukigawa namba hiyo kwa mbili tena na tena mpaka ufike kwenye atomu 1, utagawa mara 62. Mara 62 za siku 8 ni siku 496. Kwa miligramu 80 za swali letu unaongeza kugawa mara sita hivi, na unafika karibu mwaka mmoja na nusu. Na hata hapo hujapata tarehe ya mwisho. Umepata tu wakati ambapo unategemea kukuta atomu moja hivi. Ile moja inaweza kubadilika leo au ikakaa wiki tatu zaidi. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kwamba zinaisha. Alikosea kwa nusu-uhai sitini na kitu.

Neno "kuisha" nalo lina mtego wake. Kinachoisha ni iodini. Ukiifungia kwenye chupa isiyopitisha hewa na kuiweka juu ya mizani nyeti, baada ya siku 16 mizani haitakuonyesha kwamba robo tatu imeondoka, maana kila atomu ya iodini-131 iliyobadilika imekuwa atomu ya zenoni-131, gesi tulivu yenye uzito ulio karibu kabisa na uleule. Nimekutana na wanafunzi wanaodhani chupa inabaki tupu. Hao nao wanahitaji kuulizwa: imeenda wapi?

Sasa, mtu anaweza kusema haya ni ya ubaoni tu. Iodini-131 hupewa wagonjwa wa tezi dundumio, ile ya shingoni, kwa sababu tezi hiyo huivuta iodini popote ilipo mwilini. Lile swali la miligramu 80, kwa bahati mbaya, liliandikwa na mtu asiyewaza hospitali: dozi ya kawaida ya kutibu saratani ya tezi hiyo ni kama mikrogramu 1. Miligramu 80 ni dozi elfu themanini, na singependa kuwa chumba kimoja nazo. Katika kazi hizo kuna desturi ya kuweka taka zenye iodini mahali pamefungwa kwa nusu-uhai kumi kabla ya kuzishughulikia kama taka nyingine, yaani siku 80. Kwa nini kumi? Kwa sababu nusu ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi ni sehemu 1 kati ya 1024. Anayefikiri kwa mshumaa angefungua stoo siku ya 16 akiamini hakuna kitu, na angekuta robo nzima.

Na hata hiyo kumi si sifuri iliyojificha. Mikrogramu 1 baada ya siku 80 imekuwa kidogo mno. Lakini zile miligramu 80 za swali letu, baada ya siku 80 zilezile, zingebaki mikrogramu 78, ambazo bado ni dozi sabini na kitu za wagonjwa. Kwa hiyo swali la "imepita nusu-uhai mingapi?" halijibiki vizuri bila lile la "ulianza na kiasi gani?". Ndiyo maana wenye kazi hiyo hupima kwa chombo kabla ya kutupa, hawaamini kalenda peke yake.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, hatuhitaji kuuagiza. Uko karibu na Likasi. Machimbo ya Shinkolobwe yalijulikana mwaka 1915, na kuanzia 1922 kampuni ya Union Minière ilisafisha radiamu kutoka mawe yake kule Olen, Ubelgiji. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa amesafirisha tani kama 1,200 za mawe hayo hadi New York, na 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa kwetu. Hiyo historia wanafunzi wangu wanaijua, wengine wameisikia kwa babu zao. Wasichoambiwa ni kwamba ndani yake mna jibu la swali la nusu-uhai.

Bomu hilo halikuhitaji urani yoyote tu. Lilihitaji urani-235, ambayo nusu-uhai wake ni miaka milioni 704. Dunia ina miaka bilioni 4.54. Gawa: nusu-uhai 6.45 umepita tangu dunia iumbike. Kwa kanuni ya mshumaa, urani-235 yote ingekwisha baada ya nusu-uhai mbili, yaani miaka bilioni 1.4 baada ya mwanzo. Ingekuwa imekwisha zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na mawe ya Sengier yasingekuwa na hata chembe yake. Lakini nusu ikipandishwa kwa kipeo cha 6.45 ni kama 0.0114. Imebaki zaidi kidogo ya asilimia moja ya ile ya mwanzo, na hiyo ndiyo iliyotoka Shinkolobwe ikiwa sehemu 0.72 katika kila 100 za urani. Kazi kubwa na ya gharama iliyofanyika kule Oak Ridge, Marekani, ilikuwa ya kuitenga hiyo sehemu ndogo na ile nyingine, urani-238.

Kijana alipomaliza kukokotoa aliuliza swali ambalo sikumtegemea nalo: kama imebaki asilimia moja, zamani ilikuwa ngapi? Tukarudi nyuma. Urani-235 iliyopo zidisha mara 87. Urani-238, ambayo nusu-uhai wake ni miaka bilioni 4.47, zidisha mara 2 na kidogo. Dunia ilipokuwa changa, karibu robo ya urani yake yote ilikuwa 235.

Na hapo ndipo akagundua kitu mwenyewe. Kwa urani-238, muda uliopita ni karibu nusu-uhai mmoja kamili, kwa hiyo imebaki karibu nusu, na mshumaa nao unasema karibu nusu. Ni kama siku ya 8 ya iodini tena. Mwalimu anayetunga swali kwa urani-238 na umri wa dunia atapata majibu mazuri darasa zima na hatajua nani anafikiri nini. Atunge kwa 235.